Kuandika na kupanga manukuu ya Kiswahili, kisha kuyatoa kama faili la SRT

Karibuni. Leo tunaweka manukuu kwenye mahojiano na mvuvi. Nimefungua video ndani ya Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows. Hapo chini unaona mawimbi ya sauti. Penye mlima anasema, penye bonde yuko kimya.

Sikiliza sentensi hii: "Yaani sisi, unajua, tulikuwa tunaondoka usiku wa manane ili tufike kule mwambani jua halijachomoza." Ameisema kwa sekunde 4, nayo ina herufi karibu 100 ukihesabu na nafasi. Hiyo ni herufi 25 kwa sekunde. Mtazamaji hawezi kuimaliza na bado aione sura ya mzee. Kipimo kinachotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde, mistari isiyozidi miwili, kila mmoja herufi 42. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mstari hujaa upesi.

Basi punguza. Ondoa "yaani sisi", "unajua" na "kule", maana haijapotea. "Tulikuwa tunaondoka" usiiguse, kwa sababu anaeleza mazoea, si safari moja.

Sasa kata mstari. Ukikatia baada ya "usiku", neno "wa manane" linabaki linaning'inia chini bila mwenyewe. Katia kabla ya "ili", pale wazo jipya linapoanza. Mistari inakuwa na herufi 35 na 38.

Jumla ni 73. Kwa sekunde 4 bado ni zaidi ya 18, na kwa kuwa nimeweka kikomo cha 17 kwenye mipangilio, programu inaonyesha namba hiyo kwa rangi nyekundu kwenye Chars/sec. Tazama mawimbi: baada ya "halijachomoza" mzee ananyamaza kidogo. Vuta mwisho wa nukuu uingie kwenye kimya hicho kwa nusu sekunde. Mwanzo usiusogeze, ubaki pale sauti inapoanza. Sasa tuko kwenye 16 na kidogo. Kama asingenyamaza, ningepunguza maneno tena badala ya kuikanyaga nukuu inayofuata.

Ukimaliza yote, chagua UTF-8 kwenye Encoding, yaani usimbaji wa herufi, hapo juu ya dirisha, kisha nenda File, Save as, uchague SubRip, ndiyo SRT. Ndani ya faili inakaa hivi:

```
5
00:00:12,400 --> 00:00:16,900
Tulikuwa tunaondoka usiku wa manane
ili tufike mwambani jua halijachomoza.
```

Kabla ya milisekunde ni mkato, si nukta. Faili likiwa pembeni, kosa la tahajia unalirekebisha bila kutengeneza video upya.

Lipe jina lilelile la video, mahojiano.mp4 na mahojiano.srt, uyaweke kwenye folda moja, kisha fungua kwa VLC. Nenda moja kwa moja penye neno lenye ng', kama ng'ambo. Usimbaji ukiwa mbaya, Kiswahili kingine chote kitaonekana sawa, ila ile ritifaa ya ng', ikiwa imeandikwa kwa umbo lililopinda, itageuka alama za ajabu. Ukiziona, rudi uchague UTF-8 kwenye Encoding, kisha uhifadhi upya.