Hundi Imepotea: Kishina Kinasemaje?

NYAMIZI: Karibuni tena, kutoka hapa Tabora. Kaka Shabani, Jumanne nilimsindikiza mteja wetu mmoja benki, mnunuzi wa asali. Alimwandikia muuza ndoo hundi ya shilingi 2,350,000, ikapotea kabla haijamfikia.

SHABANI: Na kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni ukichana hundi?

NYAMIZI: Kitupu!

SHABANI: Haya. Dada, leo nilipanga mambo matatu: namna ya kusitisha malipo ya hundi, tozo yake, na hundi ikiwa imeshalipwa. Lakini bila kishina hatufiki popote.

NYAMIZI: Hapo ndipo foleni nzima ilipokwama. Karani anauliza namba ya hundi, mteja anamtajia kiasi na jina. Kompyuta inazuia kwa namba. Ukikosea tarakimu moja, umezuia karatasi nyingine, na ile iliyopotea inapita.

SHABANI: Namba inapatikana hata kishina kikiwa kitupu. Fungua kitabu, tazama namba zilizochapwa. Ya mwisho kulipwa kwenye taarifa ya akaunti ni 000417, karatasi iliyobaki juu inaanzia 000419. Basi iliyotoka ni 000418.

NYAMIZI: Halafu geuza kitabu, uhesabu mpaka jalada la nyuma. Anayeiba karatasi hachani ya juu, maana utagundua kesho yake. Anachana ya nyuma kabisa, na kishina chake.

SHABANI: Na hiyo ni hatari zaidi. Hundi iliyoandikwa inachakaa, yaani benki haiilipi tena, ikipita miezi sita tangu tarehe yake. Tupu itaandikwa tarehe yoyote. Kwa hiyo uliza benki: zuio hili lina mwisho, au ni la kudumu? Kwa karatasi tupu, omba la kudumu.

NYAMIZI: Tozo je?

SHABANI: Iko kwenye orodha ya tozo za benki yako, na kila benki ina yake. Uliza mambo mawili: inahesabiwa kwa kila karatasi au kwa mfululizo wa namba, na je, kodi ya ongezeko la thamani imo ndani? Ukipoteza karatasi kumi, jibu la swali la kwanza ndilo litakalokuumiza au kukuokoa.

NYAMIZI: Na anayesitisha ni mwenye akaunti, si mlipwaji. Muuza ndoo akiipoteza yeye, ampigie mnunuzi. Akienda benki mwenyewe hawatamsikiliza.

SHABANI: Piga simu benki kwanza, sawa, lakini usiishie hapo. Peleka barua yenye saini zilezile za akaunti: namba ya hundi, tarehe, kiasi, jina la mlipwaji. Nakala yako igongwe muhuri, iandikwe na saa.

NYAMIZI: Saa! Hilo watu hawalidai. Hundi ya benki hiyohiyo inaweza kulipwa dirishani dakika ileile. Ya benki nyingine, siku hizi inayosafiri ni picha, si karatasi. Usihesabu wiki.

SHABANI: Sasa huyu wako, hundi ilikuwa na mistari miwili? Na maneno kwamba ni kwa akaunti ya mlipwaji tu?

NYAMIZI: Ndiyo.

SHABANI: Basi mimi ningeitafuta kwanza mpaka jioni. Hailipwi dirishani. Ukiizuia, kisha ikapatikana na muuza ndoo akaiweka benki, itarudi, na benki yake inaweza kumkata tozo. Kuondoa zuio ni barua nyingine.

NYAMIZI: Hapana, kaka. Mtu hufungua akaunti yenye jina linalofanana, na karani wa benki nyingine hupitiwa. Milioni mbili na laki tatu unusu, unaziacha wazi kwa ajili ya tozo?

SHABANI: Si tozo tu. Ni jina la mfanyabiashara kwa msambazaji wake.

NYAMIZI: Ampigie simu amweleze!

SHABANI: Kwa hundi ya mwenye kuileta, hata dakika moja nisingengoja. Kwa hii, ningengoja.

NYAMIZI: Nami nisingengoja kwa yoyote.

SHABANI: Tuache hapo. Tumebakiwa na dakika mbili, na bado ile iliyokwisha lipwa.

NYAMIZI: Omba picha ya hundi, pande zote mbili, na saa iliyolipwa. Ilinganishe na muhuri wa barua yako. Ikilipwa baada ya barua kupokewa, benki imelipa bila ridhaa yako. Andika kudai urudishiwe. Ikilipwa kabla, kusitisha hakusaidii tena.

SHABANI: Isipokuwa saini imeghushiwa au kiasi kimebadilishwa. Hayo ni madai mengine, na polisi wahusishwe siku hiyohiyo. Na tazama fedha ziliingia akaunti ya nani. Kama ni ya muuza ndoo mwenyewe, deni limelipwa. Usimwandikie hundi ya pili!

NYAMIZI: Mteja wetu alikuwa tayari ameshaiandika.

SHABANI: Ya pili? Na kishina chake?

NYAMIZI: Nilikijaza mimi, palepale dirishani. Kaka, muda umekwisha, na ile orodha yako ya mambo matatu...

SHABANI: Tutaianza upya wiki ijayo. Mtu aje na kitabu chake cha hundi.