Jibu Liende kwa Swali Lake: Mazungumzo Katika Makundi ya WhatsApp

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema katika vikao vingi, na nitaendelea kulisema maadamu bado tunajibu "Ndiyo" pasipo kuonyesha tunamjibu nani. Aina za makundi mnazifahamu, basi nianze na tukio.

Nilikuwa katika kamati ya harusi yenye watu sitini. Saa 2:00 usiku mweka hazina aliandika: "Je, tumlipe mwenye ukumbi arubuni leo?" Mwenyekiti alikuwa safarini ndani ya basi, akaliona swali, akaandika saa 2:01: "Ndiyo, fanyeni hivyo." Mtandao ukakatika kabla ujumbe haujaondoka. Saa 2:03 katibu akauliza: "Je, tuahirishe kumlipa mwenye maturubai hadi Jumatatu?" Basi lilipofika penye mtandao, saa 2:06, ile "Ndiyo" ikatoka na kutua chini ya swali la katibu. Katibu aliahirisha malipo, maturubai yakachukuliwa na watu wengine, na mweka hazina akaendelea kusubiri ruhusa ambayo tayari ilikuwa imetolewa.

Tulilaumiana siku tatu, na kila mmoja alishika simu yake kama ushahidi. Hakuna aliyesema uongo. Katika simu ya mwenyekiti jibu lilikaa chini ya swali la ukumbi, kwa sababu hapo ndipo alipoliandika. Katika simu zetu lilikaa chini ya swali la maturubai, kwa sababu hapo ndipo lilipofika. Mpangilio wa ujumbe katika kundi si mmoja kwa watu wote, na anayetegemea kwamba jibu lake litakaa chini ya swali analolijibu anategemea kitu ambacho mtandao haukumwahidi.

Dawa ilikuwa kuutelezesha ujumbe wa mweka hazina kuelekea kulia kwa kidole, kisha kuandika. Nukuu ya swali, pamoja na jina la aliyeuliza, husafiri ndani ya jibu lenyewe, hata likichelewa saa tano. Na anayeigusa nukuu hiyo hupelekwa hadi kwenye swali la asili. Mtaniambia kwamba wazee hawapendi kuandika. Sikubali kuwa hicho ni kikwazo, kwa sababu mzee akishautelezesha ujumbe anaweza kubonyeza kipaza sauti na kuzungumza, na sauti yake itabeba nukuu ileile.

Hata hivyo, nukuu ina mipaka, na hapa nawageukia wanaouliza. Nukuu huonyesha sehemu fupi tu ya ujumbe. Ukiandika aya nne, ukaweka swali la ukumbi katika aya ya pili na la mpishi katika aya ya nne, anayekujibu atanukuu salamu zako, na "Ndiyo" yake itaelea tena kama ile ya basi. Kila swali liwe na ujumbe wake. Vilevile usiulize "Tuchukue ukumbi huu au tutafute mwingine?" kisha ukamlaumu aliyejibu "Sawa".

Sasa alama za hisia zinazobandikwa juu ya ujumbe wa mtu, zilizoanza kutumika WhatsApp mwezi Mei 2022. Faida yake ni kwamba hung'ang'ania ujumbe uleule, hivyo haziwezi kupotea njia, wala hazilijazi kundi "Nimeona" hamsini. Tatizo ni maana. Mmoja akiweka 👍 anamaanisha amesoma, mwingine anakubali, wa tatu anaahidi kufanya. Anayeuliza ndiye anayepaswa kuitaja maana mapema: "Atakayefika Jumamosi aweke 👍; asiyefika ajibu kwa maneno." Hapo katibu atagusa alama na kuona majina ya walioiweka.

Lakini kwa habari ya fedha, msikubali kidole gumba kiwe idhini. Mtu anaweza kuibadilisha au kuiondoa alama yake wakati wowote, na taarifa ya alama humfikia aliyeandika ujumbe tu, si kundi zima. Mwenyekiti akiidhinisha malipo kwa 👍 juu ya ujumbe wa mweka hazina, katibu hatajulishwa; na ujumbe wenyewe, ambao huenda umeshazikwa na mwingine themanini, hautapanda juu. Idhini ya fedha iandikwe kwa maneno, ikinukuu swali lenye kiasi na jina la anayelipwa.

Nilikusudia kueleza pia matumizi ya @ kwa kumwita mtu mahususi, lakini naona mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa. Niseme hili tu: @ humwita mtu, haimwonyeshi swali lipi unalizungumzia, kwa hiyo mkiitumia, tumieni pamoja na nukuu. Nipo tayari kwa maswali yenu.