Biva mchapakazi: kwa nini hakuna fomula inayomfikia

Ndugu zangu, tuanze na utepe huu niliouchora ubaoni. Visanduku vyake vyote vina 0. Mashine ya Turing inasoma kisanduku kimoja kimoja, na hii ina hali mbili tu, A na B:

```
A0: 1 kulia B
A1: 1 kushoto B
B0: 1 kushoto A
B1: 1 kulia SIMAMA
```

Mstari wa kwanza unasema: ukiwa A ukasoma 0, andika 1, sogea kulia, ingia B. Tuifuate kwa kidole. Inaandika 1, inakwenda kulia. Inaandika 1, inarudi. Inaikuta 1 yake ya mwanzo, inaiacha na kuendelea kushoto. Inaandika 1, tena kushoto. Inaandika 1, inageuka kulia. Inakuta 1 na kusimama. Hatua 6, na 1 nne utepeni.

Mashine za hali mbili zipo 20,736. Kati ya zile zinazosimama, hakuna inayopita hatua 6. Ndiyo maana tunaandika S(2) = 6. Mwaka 1962 Tibor Radó aliuliza hivyo kwa kila n, akaita mchezo huo biva mchapakazi, kwa jina la yule mnyama mjenzi wa mabwawa. S(3) ni 21, S(4) ni 107. S(5) ni 47,176,870, na hiyo ilithibitishwa mwaka 2024 tu, kwa sababu kazi ngumu ni kuonyesha kwamba mashine zilizobaki hazitasimama kamwe.

Sasa nipeni fanksheni yoyote f inayokokotoleka, hata ikue kwa kasi ya kutisha. Naunda nyingine, g: kwa n, naitafuta thamani kubwa kuliko zote za f kuanzia f(0) hadi f(2n), kisha naongeza 1. Hiyo nayo inakokotoleka, kwa hiyo ipo mashine inayoipokea n kama safu ya 1 na kuandika 1 zipatazo g(n). Tuseme ina hali c. Idadi hiyo haibadiliki, n iwe ndogo au kubwa. Hapo ndipo siri ilipo.

Natanguliza hali n za kuandika 1 mara n, moja kwa kila hali. Jumla ni hali n + c. Mashine hii inasimama, na kwa kuwa kila hatua huandika 1 isiyozidi moja, imetembea angalau hatua g(n). Basi S(n + c) haipungui g(n).

n ikifika c, n + c haizidi 2n. Kwa hiyo f(n + c) imo kati ya zile tulizozipita, na S(n + c) ni kubwa kuliko f(n + c). Kuanzia 2c na kuendelea, S iko juu daima. Kabla ya hapo f inaweza kuongoza, tena kwa mbali.

Na kama kuna anayedai ana programu ya kukokotoa S yenyewe, mwekeeni S mahali pa f. Atapata S(2c) iliyo kubwa kuliko S(2c).