Cheti Kinaisha Machi, Kazi Inaanza Oktoba

Ndugu washiriki, leo nachukua hali moja tu, ile inayowaangusha wengi: kundi kubwa lililofunzwa kwa mkupuo, ambalo vyeti vyake vyote vinaisha siku moja.

Tuseme wafanyakazi 48 wana vyeti vya huduma ya kwanza vya tarehe 14 Machi 2025, na kila cheti kinadumu miaka 2. Mwisho wao ni 14 Machi 2027. Kawaida mtu huweka ukumbusho wa siku 30 kabla, akalala usingizi. Kwa kundi hili ukumbusho huo umeshachelewa. Zamu haiwezi kuachia watu zaidi ya 6 kwa siku, kwa hiyo 48 wanahitaji vikao 8. Yupo atakayeugua, yupo atakayebadilishiwa zamu, yupo atakayefeli jaribio. Ongeza vikao 2 vya viporo. Kwa kikao kimoja kila Jumanne, hizo ni Jumanne 10.

Sasa tuhesabu kurudi nyuma. Kikao cha mwisho kisiwe 9 Machi, maana atakayekikosa hana tena pa kwenda. Kiwe 23 Februari. Jumanne 10 kutoka hapo zinatufikisha 22 Desemba, na wiki mbili za mwisho wa mwaka watu wengi wako likizo. Ziruke: vikao viwili vya kwanza vihamie 8 na 15 Desemba, vingine vianze 5 Januari. Kama ratiba ya zamu hutolewa wiki 6 mapema, majina ya kikao cha kwanza yanatakiwa mezani kwa mpanga zamu tarehe 27 Oktoba 2026. Hiyo ndiyo tarehe ya kuwekea ukumbusho.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya taratibu zina dirisha: ukirudia kozi ndani ya miezi 3 ya mwisho, cheti kipya kinahesabiwa kuanzia tarehe ya zamani ya kuisha, hupotezi siku. Dirisha letu linafunguka 14 Desemba. Watu 6 wa 8 Desemba wako nje yake, kwa hiyo cheti chao kipya kitaisha 8 Desemba 2028, wakati wenzao ni 14 Machi 2029. Wamepoteza miezi 3. Mimi sioni hasara: wamejitoa kwenye msongamano, na duru ijayo itakuwa na watu 42 badala ya 48. Ukitaka kulivunja kundi, fanya hivyo kwa makusudi, kikao kimoja au viwili kila duru. Ila soma kwanza kanuni ya kozi yako. Kadi ya Shirika la Moyo la Marekani ya msingi wa kuokoa maisha, kwa mfano, hudumu miaka 2 hadi mwisho wa mwezi, si hadi siku ileile.

Kwenye jedwali la kompyuta, kila mtu na kila kozi ni mstari wake. Safu C ni tarehe ya kufuzu, au tarehe ya zamani ya kuisha kwa aliyerudia ndani ya dirisha; D ni miezi ya uhalali, E ni mwisho, F ni kikao alichopangiwa. Katika E weka fomula ya kwanza. Kama cheti huisha mwisho wa mwezi, tumia ya pili:

```
=EDATE(C2,D2)
=EOMONTH(C2,D2)
```

Na katika G:

```
=IF(F2="","HAJAPANGIWA",IF(F2>E2,"AMECHELEWA","SAWA"))
```

Safu G ndiyo ya kutazamwa kila wiki, kuliko rangi nyekundu ya siku zilizobaki. Aliyebakiza siku 20 na ana kikao kesho hana tatizo; mwenye siku 80 bila kikao anaweza kuwa nalo. Na C ibadilishwe baada ya karatasi ya mahudhurio na matokeo kufika, si siku ya kupanga. Wapo wanaoibadilisha mapema ili jedwali lipendeze. Asipohudhuria mtu, cheti chake kinaisha huku jedwali likisema SAWA.

Kosa jingine liko kwenye tarehe zenyewe. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa mwezi kwanza huisoma 03/04/2025 kama 4 Machi, bila kulalamika. 14/03/2025 haiwezi kuisoma, kwa hiyo huiacha kama maandishi, imeegemea kushoto. Ukiona safu moja yenye tarehe zilizoegemea kushoto na nyingine kulia, usizisahihishe zile za kushoto peke yake: za kulia ndizo zilizokwisha kugeuzwa siku na mwezi, na hizo ndizo zinazoweza kumpa mtu mwezi mmoja au zaidi asiokuwa nao.

Aliye kwenye likizo ndefu asifutwe. Mwandikie kwamba hayupo kazini, na kikao chake kiwe kabla ya zamu yake ya kwanza akirudi.