Kutoka Dar Hadi Chalinze kwa Fremu 30, 60 na 144

Haya nimeshayasema mara nyingi, na wengine humu ndani mnaweza hata kunimalizia sentensi. Nivumilieni. Kila nikikutana na kijana anayetengeneza gemu namuuliza inalenga fremu ngapi, yaani picha ngapi, kwa sekunde. Ananijibu, "Kadiri itakavyoweza." Ni kama umuulize dereva anaelekea wapi, akwambie, "Mbele."

Twende Chalinze. Tuseme kutoka hapa Dar ni kilomita 100. Kwa mwendo wa 30 kwa saa, unatumia saa 3 na dakika 20. Ukienda 60, unatumia saa 1 na dakika 40, yaani nusu nzima ya safari umeiokoa. Sasa kanyaga 144, na tujifanye Kibaha hakuna trafiki: unatumia dakika 42, umeokoa dakika 58. Tafuta gari la kwenda 240, utafika kwa dakika 25. Umeokoa dakika 17, na mafuta yamekwisha.

Fremu nazo ni hesabu hiyohiyo. Kwa 30, kila picha inakaa kwenye skrini milisekunde 33.3. Kwa 60 inakaa 16.7, kwa 144 inakaa 6.9. Ukitoka 30 kwenda 60 unampunguzia mchezaji milisekunde 16.7, na simu inachora mara mbili ya zamani. Ukitoka 60 kwenda 144 unapunguza pungufu ya 10, na uchoraji umezidi mara 2.4. Kwa hiyo pimeni milisekunde. Namba ya fremu inawapa kiburi tu.

Najua yupo pale nyuma anayetaka kusema jicho halioni zaidi ya 24, mbona sinema zinakwenda kwa 24 na watu wanatulia. Jamani! Kamera ya sinema inaacha ukungu kwenye kitu kinachokimbia, na ukungu ule ndio unaoziunga picha machoni. Gemu inachora kila picha ikiwa imekatika kali, labda ukungu uuchore mwenyewe. Tena sinema huishiki. Gemu umeibonyeza, kidole kinadai jibu.

Sasa kisa changu, ambacho mmekichoka. Nilitengeneza gemu ya bodaboda kwa simu za bei ya chini, zenye skrini za hezi 60, yaani zinazobadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kwenye simu ya majaribio kila fremu ilichukua milisekunde 19, kihesabio kikaonyesha 52. Nikajipongeza. Nikampa mpwa wangu acheze. Baada ya muda mfupi akanirudishia simu: "Anko, pikipiki inashtukashtuka." Nikamwonyesha 52 yangu. Akaitazama, akasema, "Sawa Anko, lakini inashtuka."

Mtoto alikuwa na haki. Skrini ile inabadilisha picha kila milisekunde 16.7 na haimsubiri mtu. Picha yangu ikichelewa, skrini inairudia ya zamani. Picha 52 kwenye nafasi 60 maana yake nafasi 8 kila sekunde zinajazwa kiporo. Barabara inakimbia, inaganda kidogo, inakimbia tena. Wastani hauwezi kukuonyesha hilo. Chora grafu ya muda ambao kila picha inakaa kwenye skrini, zilizorudiwa utaziona mara moja, zimesimama kama miiba.

Nikaifunga kwenye 30. Kila picha ikakaa nafasi 2 kamili, mishtuko ikaisha, simu ikapoa mkononi. Mpwa akaniuliza kama nimeongeza spidi ya pikipiki! Nilikuwa nimempunguzia fremu 22.

Baadaye nikapunguza vivuli vya miti, fremu ikashuka hadi milisekunde 13, ndipo nikathubutu 60. Kwa nini 13 wakati nafasi ni 16.7? Kwa sababu simu ikichezwa kwa muda inapata joto, na ikipata joto prosesa inajipunguzia kasi. Gemu inayotumia 16 asubuhi kwenye feni itatumia 20 ndani ya daladala.

Naonyeshwa dakika mbili. Haya, 144. Kwa gemu za risasi za kompyuta, ambapo unamlenga mtu anayekatiza mbio, faida ipo, sibishi. Lakini lazima kila kitu kiingie ndani ya milisekunde 6.9, si michoro peke yake. Ukishusha ubora wa picha na fremu zisiongezeke, tatizo liko kwenye prosesa, muiache kadi ya michoro ipumzike. Ukishindwa kufika 144, usikimbilie 60 kwenye skrini ya hezi 144. Haigawanyiki: picha moja itakaa nafasi 2, nyingine 3, na mishtuko yangu ya bodaboda imerudi. Funga kwenye 72 au 48, isipokuwa skrini iwe ya aina inayoweza kuisubiri gemu.

Na wenye skrini za hezi 120, jaribuni 40. Kila picha inakaa nafasi 3, milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60. Nina slaidi yake nzuri sana, ila mwenyekiti ameshasimama.