Mstari Mmoja wa Jedwali: Kiashiria Kinavyojazwa

Asanteni. Niliombwa nizungumzie mfumo wa ufuatiliaji na tathmini kwa miradi midogo, na nilipewa saa nzima. Nitaitumia kujaza mstari mmoja tu wa jedwali. Nimeona majedwali yenye viashiria thelathini kwenye miradi yenye wafanyakazi wanne, na mara nyingi safu ya mwisho, ile ya chanzo cha takwimu, imejazwa neno moja kuanzia juu hadi chini: "ripoti". Ripoti ya nani? Hapo huwa kimya.

Tuchukue mradi wa kubuni. Kuna kaya 400 zinazochota maji ya kisima kisichotibiwa. Mradi utagawa chupa za dawa ya klorini na kufundisha namna ya kuitumia, kwa miezi kumi na minane. Mwandishi wa andiko ameweka kiashiria hiki: "Ongezeko la kaya zinazotumia maji salama." Kinasomeka vizuri, lakini mpe mdadisi karatasi hiyo umwambie aende akapime. Atakuuliza salama ni nini, kutumia ni lini, na ongezeko ni kutoka wapi.

Njia rahisi ni kuhesabu chupa zilizotoka stoo. Daftari lipo na halina gharama. Ila chupa iliyogawiwa ni kazi yetu sisi. Haituambii kama kuna mtu amebadilika. Chupa inaweza kukaa juu ya kabati mwaka mzima. Njia ya pili ni kuuliza: "Mama, maji yenu mnayatia dawa?" Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mgeni aliyevaa fulana ya mradi akiuliza swali hilo, jibu ni "ndiyo", na wala si uongo wa ubaya, ni adabu.

Njia ya tatu ni kuomba kikombe cha maji ya kunywa yaliyopo ndani wakati huo, kuchukua kiasi kidogo kwenye kichupa cha kipimo na kutia kidonge cha DPD. Maji yakiwa na klorini yanageuka ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Unalinganisha na kadi ya rangi na kusoma namba. Kiwango cha chini kinachotumika sana ni 0.2 mg/L ya klorini huru. Kwa hiyo kiashiria kinaandikwa upya: asilimia ya kaya ambazo maji yao ya kunywa, yakipimwa bila taarifa, yana klorini huru 0.2 mg/L au zaidi.

Nacho kina upungufu wake. Klorini inapungua kadiri maji yanavyokaa, kwa hiyo aliyetia dawa juzi anaweza kusomeka hana. Anayechemsha maji naye atasomeka sifuri, ingawa maji yake hayana tatizo. Basi hatuandiki tena "maji salama", tunaandika "maji yenye klorini", maana hicho ndicho tunachokipima.

Sasa tuje kwenye sehemu inayorukwa na karibu kila mtu: unagawanya kwa ngapi? Hatuna uwezo wa kuzifikia kaya zote 400. Ukitaka kosa lisilozidi takriban pointi 10 kila upande, kwa uhakika wa asilimia 95, kaya 78 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili zinatosha. Tuseme wadadisi wamezifikia zote. Kaya 35 zina klorini ya kutosha. Lakini kaya 8 hazikuwa na maji ya kunywa ndani saa ile. Mtungi ulikuwa mtupu. Ukigawanya 35 kwa 78 unapata asilimia 45. Ukigawanya kwa 70, zile zilizokuwa na maji, unapata 50. Namba zote mbili ni halali. Kisicho halali ni kutumia ya kwanza mwanzoni mwa mradi na ya pili mwishoni, na ninawahakikishia hutokea bila mtu yeyote kukusudia, kwa sababu aliyefanya hesabu ya kwanza alishahama. Andikeni chini ya kiashiria: tunagawanya kwa kaya zilizokutwa na maji. Sentensi moja inatosha.

Takwimu za awali zinachukuliwa kabla chupa ya kwanza haijatoka stoo, kwa kipimo kilekile na kwa kanuni ileile ya kugawanya. Katika mfano wetu, kaya 75 zilikutwa na maji na 9 kati yake zilikuwa na klorini, yaani asilimia 12. Angalieni pia msimu. Mvua ikileta tope, uchafu ule unakula klorini, na dozi iliyotosha wakati wa ukame haitoshi tena. Ukipima mwanzo wakati wa mvua na mwisho wakati wa kiangazi, sehemu ya mafanikio yako ni ya jua.

Na kama mmechelewa, mgawo umeshaanza? Msiandike sifuri. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa kijana kazini, nikijiambia kuwa kabla yetu hakukuwa na mradi. Baadaye tukagundua baadhi ya kaya zilikuwa zikinunua dawa zenyewe miaka yote, nasi tulikuwa tumejihesabia juhudi zao. Andikeni "haikupimwa", kisha pimeni mara moja katika kaya ambazo mgawo haujazifikia, na mseme hivyo wazi.

Shabaha sasa. Wengi huandika asilimia 80 kwa sababu inapendeza. Sisi tuanzie stoo. Bajeti inatosha dawa ya kaya 300, kwa hiyo hata wakitumia wote dari yetu ni kama asilimia 75. Tukikadiria kwamba theluthi mbili ya waliopewa watatumia kweli, hizo ni kaya 200 kati ya 400, nusu. Shabaha ni asilimia 50. Tukimaliza na 46, kwa sampuli ya 78 hatuwezi kusema tumeshindwa, na tukipata 54 hatuwezi kujisifu. Lakini kutoka 12 hadi karibu 50 ni pengo kubwa kuliko kosa la sampuli, na hilo tunaweza kulitetea mbele ya yeyote.

Safu ya chanzo nayo sasa inajazika. Fomu ya ziara ya kaya. Wadadisi wawili, kila mmoja kaya kumi kwa siku, siku nne. Vidonge 78 na akiba. Mara tatu, yaani mwanzo, katikati na mwisho. Msimamizi akitaka kuhakiki, asirudi kesho, maana klorini itakuwa imeshashuka na atamwonea mdadisi bure. Aandamane naye kwenye kaya chache, wote wawili wasome rangi ya kichupa kimoja bila kuambiana, kisha walinganishe.

Ndugu mmoja hapa mbele ameuliza atajuaje kama habari za ziara zimevuja. Panga matokeo kwa siku. Siku ya kwanza kaya 7 kati ya 18 zina klorini, ya pili 10, ya tatu 16 kati ya 18, na nyingi zimekolea waridi kama zilizotiwa dawa asubuhi ileile. Ukiona hivyo, jirani amemwambia jirani. Usizifute namba za siku ya tatu. Ziache kwenye fomu na uandike pembeni ulichokiona. Awamu inayofuata changanya ratiba, kila siku mguse pande zote za eneo badala ya kumaliza upande mmoja kabla ya kwenda mwingine.