Picha ya tawi na hesabu ya shamba la miembe

Wakulima wenzangu wa Makueni, habari za asubuhi. Dalali akifika shambani maembe yakiwa bado mabichi, hutupa jicho huku na huku, anataja bei ya shamba zima, na wewe huna namba ya kumjibu. Ndiyo maana wengi mmeanza kupiga tawi picha kwa simu, kuhesabu matunda, kisha kuzidisha. Si wazo baya. Tatizo ni kile kinachozidishwa.

Tuanze na tawi lenyewe. Ukiambiwa upige picha ya tawi, utalipiga lile lililozaa. Mkono unakwenda wenyewe. Lakini mwembe hauzai sawa: mwaka huu upande mmoja umejaa maua, upande wa pili umechipua majani matupu. Tawi zuri likizidishwa kwa idadi ya matawi, mti unabeba maembe ambayo hayapo.

Dawa ya hili ni ya zamani. Mwaka 1955 mtakwimu Mmarekani aitwaye Jessen alieleza jinsi ya kuchagua tawi kwa bahati nasibu. Unaanzia shinani. Ukifika panda, unahesabu matawi yanayogawanyika hapo na kupiga kura moja lifuatwe. Tuseme panda ya kwanza ina matawi matatu, ya pili mawili, ya tatu manne. Ukifika mwisho unakuta maembe 9. Tawi hilo lilikuwa na nafasi moja kati ya 24 ya kuchaguliwa, kwa kuwa 3 mara 2 mara 4 ni 24. Basi makadirio ya mti ni 9 mara 24, yaani 216. Na kura ikikupeleka kwenye tawi tupu, andika sifuri. Ukilibadilisha umerudi kulekule kwa mkono unaochagua. Kwa mti mmoja jibu litayumba sana, ndiyo maana unarudia kwa matawi mengi na miti mingi, kisha unatafuta wastani.

Njia nyingine ni kuacha tawi na kupiga mti mzima, pande mbili za mstari. Embe lina nafuu yake hapa: linaning'inia kwenye kikonyo kirefu nchani mwa tawi, kwa hiyo mengi yako nje. Piga jua likiwa nyuma yako, au usiku kwa taa, ili miti ya mstari wa nyuma ifichwe na giza, vinginevyo utahesabu maembe ya mti usiokusudia.

Hata hivyo, yaliyojificha ndani ya majani hayamo pichani. Lazima miti michache ihesabiwe kwa mkono, tunda kwa tunda, ilinganishwe na picha zake. Chukueni mfano wa miti mitano. Picha za pande zote mbili zinaonyesha jumla ya maembe 700, mkono unapata 1,057. Kila embe moja la pichani ni kama moja na nusu mtini.

Lakini tazameni miti miwili kati ya hiyo. Mmoja ni mchanga, umepogolewa vizuri: picha 160, mkono 192. Mwingine ni mzee wa majani mazito: picha 120, mkono 252. Kwa picha, mchanga ndio uliozaa zaidi; mtini ni kinyume kabisa. Kwa hiyo kipimo cha moja na nusu hakihamishwi kutoka shamba la jirani, wala kutoka aina ya Apple kwenda Ngowe, wala kutoka msimu wa kabla ya kupogoa kwenda wa baada yake. Miti ya umri tofauti itengwe, kila kundi lipate kipimo chake.

Sasa shamba la miti 200 ya aina moja na umri mmoja. Picha zinatoa wastani wa maembe 140 kwa mti. Kwa moja na nusu ni 210, na kwa shamba zima 42,000. Idadi ya matunda ikitofautiana sana mti kwa mti, picha za miti 25 hivi zinaweza kukuacha na kosa la asilimia 20 juu au chini. Ukitaka kosa lishuke nusu, utahitaji miti mara nne, yaani 100. Hapo wengi huamua kuishi na 20.

Dalali lakini hununua kilo. Picha haipimi uzito, na embe likiwa kama gololi bado mengi yataanguka. Subirini lifikie ukubwa wa yai la kuku na mwanguko upungue. Uzito wa tunda lililokomaa mchukue kwenye kumbukumbu za mavuno yenu. Ukiwa gramu 350, yale 42,000 ni tani 14.7, na kwa kosa lile lile ni kati ya tani 11.8 na 17.6. Hapo hatujatoa yatakayoharibiwa na nzi wa matunda, ambayo siku ya kupiga picha yalikuwa yanang'aa kama mengine. Mimi ningejadiliana bei nikishika ile 11.8.